Simu ikikatika dakika ya pili, mteja awe ameshasikia nini?

Hotuba niliyoitoa kwa waratibu wa miradi na maofisa wa huduma kwa wateja. Naiweka nzima kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu zangu waratibu, ndugu maofisa wa huduma kwa wateja, na ninyi mameneja mliokuja kusikiliza yanayosemwa juu yenu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie karatasi moja tu. Ni ile ambayo wengi wenu huiandaa mbio mbio, meneja akiwa ameshasimama mlangoni anaisubiri: karatasi ya hoja kabla ya kumpigia simu mteja mwenye jambo zito. Sizungumzii ripoti wala barua. Nazungumzia ukurasa mmoja ambao meneja atauweka kando ya simu na kuutupia jicho mara tatu au nne huku akisikiliza sauti ya mtu aliyekasirika. Mtu aliye katika hali hiyo hasomi aya ndefu. Anasoma mstari wa juu, pengine na wa pili. Ndiyo maana mpangilio wa hoja una uzito kuliko hoja zenyewe.

Sasa niwaulize. Mkishaziandika hoja zenu, mnazipanga kwa kigezo gani?

Nimepitia karatasi nyingi za namna hii, na karibu zote hupangwa kwa mtiririko wa matukio: tulianza hivi, kikatokea kile, tukagundua hiki, na sasa tunaomba lile. Nyingine huanza na habari njema ili kumlainisha mteja. Ninaelewa kwa nini. Mwandishi ndivyo alivyolijua jambo lenyewe, hatua kwa hatua, basi analisimulia vile vile. Lakini mteja hapigiwi simu ili asimuliwe. Anapigiwa ili ajue la kufanya.

Kigezo changu ni hiki: simu ikikatika dakika ya pili, mteja awe ameshasikia nini ili asije akafanya jambo litakalomuumiza? Hilo ndilo la kwanza. Ikikatika dakika ya nne, awe ameongezewa nini? Hilo ndilo la pili. Endeleeni hivyo mpaka mfike kwenye yale ambayo hata asipoyasikia leo, hakuna kitakachoharibika. Na simu hukatika, wenzangu. Mteja huitwa kwenye kikao, mtandao huanguka, na wakati mwingine hasira humzidi akakata mwenyewe.

Niwape kisa kimoja, nitakaa nacho kwa muda.

Kampuni moja ilikuwa na mfumo wa mahudhurio na mishahara, na mteja wake mmoja alikuwa na wafanyakazi 1,200, wengi wao wa zamu. Tarehe 3 ya mwezi fundi aliweka toleo jipya la mfumo. Toleo hilo lilikuwa na kasoro kwenye zamu ya usiku. Mfanyakazi anaingia saa nne usiku, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, jumla saa 8. Mfumo ulikuwa unazihesabu zile saa 6 za baada ya usiku wa manane mara mbili: mara moja kwenye siku aliyoingia na mara moja kwenye siku aliyotoka. Kwa hiyo zamu ya saa 8 ilionekana ya saa 14, na zile 6 zikaangukia kwenye malipo ya saa za ziada.

Kasoro hiyo iligunduliwa Jumanne tarehe 24, alasiri. Mteja alikuwa ameshaidhinisha orodha ya mishahara Jumatatu. Faili la malipo lilitakiwa kufika benki Alhamisi saa nne asubuhi. Na mteja hakuwa anajua lolote. Kwake yeye kila kitu kilikuwa shwari.

Mratibu akaandaa karatasi ya hoja kwa ajili ya meneja wake. Ilikuwa karatasi safi, yenye hoja sita. Ya kwanza, shukrani kwa ushirikiano. Ya pili, historia ya toleo jipya na faida zake. Ya tatu, maelezo ya kasoro. Ya nne, idadi ya walioathirika, 212. Ya tano, kazi ambayo mafundi wanaendelea nayo. Na ya sita, chini kabisa, pembeni kidogo: tunaomba faili la malipo lisitumwe benki kwa sasa.

Mmeiona? Neno pekee ambalo mteja alilihitaji kabla ya jingine lolote lilikuwa mstari wa mwisho.

Meneja akapiga simu, akaanza na shukrani, akaingia kwenye toleo jipya. Mkuu wa fedha wa upande wa pili akamvumilia kidogo, kisha akamkatiza: “Ndugu yangu, nijibu kitu kimoja. Nilipe au nisilipe?” Meneja akashusha macho kwenye karatasi kutafuta jibu. Lilikuwapo, lakini hakuliona haraka, akasema, “Hilo nitalifikia.” Simu nzima iliharibika hapo. Kasoro ya mfumo mteja angeweza kuisamehe. Kuachwa asubiri jibu la swali lake kuhusu fedha zake, hilo hakulisamehe.

Sasa tuipange upya karatasi hiyo hiyo, na kuijazia yale yaliyokosekana.

Mstari wa kwanza ni habari yenyewe pamoja na maana yake kwa mteja, katika sentensi moja au mbili, na huu nauandika neno kwa neno kama utakavyotamkwa: “Nakupigia kwa jambo zito. Orodha ya mishahara uliyoidhinisha jana ina makosa yaliyotoka kwetu. Saa za ziada za zamu ya usiku zimezidishwa, na ikitumwa ilivyo mtalipa zaidi ya mnachodaiwa.” Kwa nini neno kwa neno? Kwa sababu hapo ndipo ulimi huteleza. Meneja akiachiwa aunde sentensi hiyo papo hapo, ataizungushia maneno mpaka mteja asijue kama anapewa habari mbaya au anatangaziwa bidhaa.

Mstari wa pili ni jambo ambalo mteja afanye, na mwisho wake ni lini: “Naomba faili lisitumwe benki mpaka upate orodha iliyorekebishwa. Tutakuletea kesho Jumatano saa nane mchana, na utabaki na muda wa kuikagua kabla ya Alhamisi saa nne.” Saa hiyo ya saa nane sikuitunga kwenye karatasi. Inatoka kwa fundi mkuu mwenyewe, aliyeulizwa ana kwa ana, na ikaongezwa nafasi ya kupumua.

Mstari wa tatu ni njia ya akiba. Saa nane ikifika na orodha haijakamilika, je? Wafanyakazi ambao hawakuguswa, 988 kwa hesabu ya jioni hiyo, walipwe kama kawaida, na wale 212 walipwe mshahara wa msingi siku hiyo hiyo, saa zao za ziada zifuate zikishahakikiwa. Angalieni jambo hapa: hakuna mfanyakazi anayekosa mshahara. Mkuu wa fedha anayesikia kasoro kama hii haoni kompyuta. Anaona watu wamejaa mlangoni kwake siku ya malipo. Karatasi yenu inatakiwa ijibu hofu hiyo kabla hajaitamka.

Mstari wa nne ndiyo radhi. Najua hapa wengi hatukubaliani, na mabishano haya nimekuwa nayo na wenzangu wengi. Mila zetu zinatufundisha kutanguliza samahani. Lakini ukimwomba mtu radhi kabla hajajua umemfanyia nini, unamtia kiwewe, na kila sekunde inayofuata anasikiliza kwa moyo kumdunda. Mpe habari, mpe la kufanya, ndipo umwombe radhi, mara moja, kwa kulitaja kosa: “Tuliweka toleo jipya bila kulijaribu kwenye zamu inayovuka usiku wa manane. Ni kosa letu, na ninakuomba radhi.” Ile sentensi ya “samahani kwa usumbufu wowote uliojitokeza” ifuteni. Haimtaji aliyekosea wala kilichokosewa, na mteja anayejua Kiswahili anaisikia hivyo hivyo.

Historia ya toleo jipya iko wapi? Imeshuka chini kabisa, kwenye sehemu ya “akiuliza”. Asipouliza, haitajwi. Na shukrani kwa ushirikiano? Imeondoka. Siku hiyo si mahali pake.

Mtu anaweza kuniambia, mbona kuna mipangilio inayojulikana, kwa nini tusiifuate? Ipo, na mmojawapo naupenda sana. Wauguzi katika nchi nyingi hufundishwa utaratibu unaoitwa SBAR kwa ajili ya kumpigia daktari simu kuhusu mgonjwa aliyebadilika hali. Ulianzia katika jeshi la majini la Marekani, kwenye manowari, kisha ukaingizwa hospitalini na shirika la afya la Kaiser Permanente. Una hatua nne: hali ilivyo sasa, usuli wake, tathmini ya anayepiga, na pendekezo. Uzuri wake ni kwamba unamlazimisha anayepiga aseme anachopendekeza, badala ya kumwaga taarifa tu na kunyamaza. Lakini yule ni muuguzi anazungumza na daktari, wote wako upande mmoja wa kitanda. Mteja wetu ndiye aliyeumizwa, na aliyemuumiza ndiye anayempigia. Usuli ukikaa nafasi ya pili, masikioni mwake unakuwa utetezi. Kwa hiyo kwa simu za namna hii mimi hulipandisha pendekezo mpaka nafasi ya pili na kuushusha usuli mpaka mwisho.

Hilo ndilo kubwa langu la kwanza. La pili linahusu uhakika.

Kila hoja mnayoiandika ina daraja lake. Kuna tunalolijua kwa sababu tumelihakiki. Kuna tunalolidhani. Na kuna tusilolijua bado. Tatizo ni kwamba kwenye karatasi yote matatu huonekana sawa. Yameandikwa kwa wino mmoja, na meneja anayasoma yote kwa sauti moja.

Kuna mratibu mwingine aliyeandika, mfumo wa mteja ukiwa umezima: “Mfumo utarudi baada ya saa moja.” Alikuwa amemsikia fundi akisema, “Nikikuta shida ni pale ninapodhani, saa moja itatosha.” Ile “nikikuta”, ile ikiwa, ikadondoka njiani kutoka mdomo wa fundi mpaka kwenye karatasi. Meneja akaisoma kama ahadi. Saa moja ikapita. Akapiga tena, akaahidi saa nyingine. Mara ya tatu mteja hakupokea yeye, alipokea mwanasheria wake. Fundi hakudanganya, mratibu hakukusudia ubaya, na meneja alisoma alichoandikiwa. Ni neno moja la shaka lililopotea.

Mimi huandika herufi moja pembeni ya kila mstari: T kwa tumethibitisha, D kwa tunadhani, H kwa hatujui. Ni alama ndogo, lakini meneja akiiona D anajua ulimi wake uende vipi. Chukueni ile namba 212. Jumanne jioni ilikuwa T au D? Ilikuwa D, kwa sababu mafundi walikuwa wamepitia kumbukumbu za idara mbili tu kati ya tatu zenye zamu ya usiku. Meneja akisema “ni wafanyakazi 212” na kesho ikawa 230, mteja ataanza kujiuliza ni nini kingine kilichopunguzwa. Akisema “hadi sasa tumewabaini 212, idara moja haijakamilika, idadi kamili utaipata kesho saa tatu asubuhi”, hata namba ikipanda, neno lake halijavunjika.

Na hapo kuna jambo ambalo nataka mlichukue leo hata mkisahau mengine: mkiwa hamjui kitu kitapona lini, ahidini saa ya taarifa inayofuata. Saa ya taarifa iko mikononi mwenu. Saa ya kupona haiko mikononi mwenu. “Saa kumi na moja nitakupigia, nikiwa na jibu au nisipokuwa nalo.” Sentensi hiyo meneja anaweza kuitimiza hata siku ikienda vibaya kiasi gani. Kisha mratibu, wewe uliyeandika karatasi, weka ukumbusho wa saa kumi na dakika arobaini na tano, umfuate meneja wako mlangoni.

Mtajuaje kwamba uhakika umechanganywa? Soma kila mstari, kisha ujiulize: nani amenieleza, na alijuaje? Ukikosa jina la mtu au kumbukumbu uliyoiona kwa macho yako, andika D. Ukihangaika kabisa, andika H, na usione aibu. “Hatujajua bado, tutajua saa fulani” ni jibu kamili kwa mteja.

La tatu ni mipaka, nalo nitalipitia kwa kifupi kidogo ingawa ndilo linalogharimu fedha.

Mteja aliyeumia, ndani ya dakika kumi, atauliza: mtanifidia nini? Swali hilo si la kushtukiza. Linakuja kila mara. Basi kwa nini karatasi nyingi hazina jibu lake? Meneja asiyekuwa na jibu, tena mwenye huruma, atasema, “Usijali, hilo tutalimaliza.” Nimeshuhudia maneno hayo hayo yakirudi siku ya pili kwenye barua pepe ya mteja: “Kama tulivyokubaliana kwa simu, mtatufutia ada ya miezi mitatu.” Nani alisema miezi mitatu? Hakuna aliyesema. Lakini “tutalimaliza” ni mlango ulioachwa wazi, na kila mtu huingia nao anavyotaka. Na tusisahau kwamba katika sheria za nchi nyingi, makubaliano ya mdomo yanaweza kudaiwa.

Kwa hiyo kabla ya simu, mratibu umuulize meneja, naye akibidi amuulize mkubwa wake: unaruhusiwa kutoa nini wewe mwenyewe, leo, bila kumuuliza mtu? Kwa yule wa mishahara ilikuwa mafundi wawili wakae na timu ya mteja siku nzima ya Jumatano bila malipo. Hilo likaandikwa. Lipi linahitaji idhini? Punguzo la ada. Idhini ni ya mkurugenzi, jibu Ijumaa. Likaandikwa pamoja na sentensi yake: “Suala la ada nimelisikia na nitalipeleka leo kwa mkurugenzi. Jibu lake utalipata Ijumaa, kwa maandishi.” Na lipi lisiguswe kabisa? Kuwajibika kimkataba kwa hasara ambayo haijajulikana, na kumtaja fundi aliyeweka toleo kwa jina. La pili hilo naomba mlishike sana. Meneja akibanwa, jina la kijana wa chini hutoka mdomoni kirahisi, na likishatoka halirudi.

Wengine wataniuliza, je, kukiri kosa hakugongani na kutokubali dhima? Hakugongani mkiandika vizuri. “Tulikosea kutolijaribu toleo hili” ni ukweli tulioshauthibitisha. “Tutabeba hasara yote itakayotokea” ni ahadi juu ya kitu ambacho hakuna anayekijua. Mkataba ukiwa mkubwa, mwanasheria aisome mistari hiyo miwili kabla ya simu. Ni kazi ya dakika tano.

Baada ya hapo, mambo madogo ambayo nayaona yakisahaulika.

Juu kabisa ya karatasi, kabla ya hoja ya kwanza, kuwe na mstari wa kumhakiki msikilizaji: ni yeye mwenyewe, anaweza kuzungumza sasa, na kuna nani mwingine anayesikia? Mkuu wa fedha akiwa kwenye gari na wageni, simu imewekwa kwenye spika, habari ile ile inakuwa fedheha.

Baada ya hoja ya pili, andikeni neno NYAMAZA. Kwa herufi kubwa. Mteja akishapokea habari anahitaji muda, na meneja mwenye hofu huujaza ukimya huo kwa maelezo ambayo hayakuombwa, na mara nyingi hapo ndipo ahadi za ovyo huzaliwa.

Upande wa pili wa karatasi kuwe na maswali yake matatu magumu zaidi na majibu yake. Matatu yanatosha. Kwa kisa chetu yalikuwa: mwezi uliopita nao je? Kwa nini hamkugundua tangu tarehe 3? Nitajuaje orodha mpya haina makosa? Lile la kwanza lilikuwa na jibu lenye T, kwa sababu toleo liliwekwa tarehe 3 na hesabu za mwezi uliotangulia zilikuwa zimeshafungwa. Lile la tatu lilijibiwa kwa njia ya kukagua: achague mwenyewe wafanyakazi kumi wa zamu ya usiku, tumhesabie kwa mkono mbele yake.

Simu ikiisha, barua pepe ifuate ndani ya saa moja, ikiwa na mambo manne tu: kilichotokea, tulichokuomba, tulichoahidi na saa zake, na tusilolijua bado. Mratibu aiandae rasimu yake kabla ya simu, kisha airekebishe kwa yaliyozungumzwa.

Na mteja asipopokea? Habari isiachwe kwenye ujumbe wa sauti, wala isipelekwe kwa msaidizi wake. Andikeni pia maneno ya kuacha: “Nina jambo la mishahara la kuamua kabla ya Alhamisi saa nne, naomba unipigie leo, nitajaribu tena saa kumi na mbili.” Asipopatikana saa kumi na mbili, kuwe na jina la pili kwenye karatasi, la mtu mwenye mamlaka ya kulizuia faili, na meneja ampigie huyo usiku huo huo.

Asanteni sana. Sasa nasikiliza maswali yenu.